PDF inavuruga mistari ukihariri aya moja: Draw, Acrobat au Word, ipi ikufae

Kwa sisi tunaochapa na kuprinti hapa Mwanza hii kazi haiishi. Mteja analeta PDF kwenye fleshi au anaituma WhatsApp, anataka sentensi moja tu iongezwe katikati ya ukurasa, unaifungua, unaandika, na ghafla mstari unatokeza nje ya karatasi upande wa kulia, au aya inashuka na kukalia kipengele kilicho chini yake. Wengi wanadhani programu ni mbovu, wanadanlodi nyingine, na nyingine nayo inafanya yaleyale. Kwa hiyo nimeona tuziweke pamoja njia tatu ambazo mtu anaweza kuzipata kirahisi, LibreOffice Draw, Acrobat na Word, tuone kila moja inaukunjaje upya mstari na inaishia wapi.

Kama una haraka, mimi nachagua hivi. Badiliko likiisha ndani ya mstari uleule, tumia yoyote uliyonayo. Aya ikiongezeka mstari mmoja na chini ya ukurasa kuna nafasi, Draw au Acrobat inatosha. Ila maneno yakisukuma ukurasa mmoja uingie kwenye mwingine, nenda Word moja kwa moja, usijitese na visanduku.

Kwa nini inavurugika

Adobe walipoileta PDF mwaka 1993 shabaha ilikuwa karatasi ionekane vilevile kwenye kila mashine na kila printa. Ili hilo liwezekane, kazi ya kukunja mistari inafanyika kabla, kwenye Word au Writer, na PDF inapokea matokeo tu. Ndani ya faili hakuna kitu kinachosema hii ni aya, upana wake ni huu, maneno yakijaa teremka. Kuna amri za kuchora herufi mahali fulani, basi. Hata PDF zenye vitambulisho vya muundo, zile zinazoeleza hapa ni kichwa na hapa ni aya, bado hazina uwezo wa kuukunja mstari upya kwenye ukurasa, zinasaidia zaidi programu za kusomea wasioona.

Tuchukue mfano mmoja tutembee nao mpaka mwisho. Kikundi cha akina mama wa dagaa wa Mwaloni Kirumba wana katiba yao ya PDF, wanaiandaa kwa ajili ya kuomba mkopo wa halmashauri, na wameambiwa kipengele cha 7 kinachohusu ada kiongezewe maneno ya faini. Faili la Word lilichapwa na mtu ambaye sasa hapatikani. Fonti ni Calibri saizi 11, karatasi A4, pambizo za inchi moja. Ndani ya PDF kipengele hicho na kinachofuata vimekaa hivi, nimeviandika kwa namna inayosomeka kwa sababu kwenye faili halisi herufi mara nyingi zinaonekana kama namba:

```
BT
/F1 11 Tf
1 0 0 1 72 620 Tm
(7. Kila mwanachama atalipa ada ya shilingi 5,000 kila mwezi kwa mweka hazina wa) Tj
1 0 0 1 72 605.5 Tm
(kikundi na kupewa risiti.) Tj
1 0 0 1 72 583 Tm
(8. Mkutano mkuu utafanyika mara moja kwa mwaka.) Tj
ET
```

Namba 72 ni umbali kutoka ukingo wa kushoto kwa pointi, na 620, 605.5 na 583 ni urefu kutoka chini ya karatasi. Inchi moja ni pointi 72, na A4 ina upana wa pointi 595 na urefu wa 842. Angalia hapo kwamba mstari wa kwanza na wa pili wa kipengele cha 7 havijuani kabisa, kila mmoja umepewa mahali pake, na kipengele cha 8 nacho kimepewa pake. Ni kama mitumbwi iliyofungwa kila mmoja kwenye nguzo yake: ukirefusha mmoja, wa jirani hausogei kumpisha, utaugonga tu.

Sasa maneno ya kuongeza ni "na atakayechelewa kulipa hadi tarehe 5 atatozwa faini ya shilingi 1,000 kwa kila wiki", ambayo ni herufi kama 85 ukihesabu na nafasi. Mstari mzima kwenye karatasi hii unabeba kama 87, kwa sababu upana ulioko kati ya pambizo mbili ni pointi 451 na herufi moja ya Calibri 11 inakula wastani wa pointi tano na kidogo. Mstari wa pili ulikuwa na herufi 25, ukiongeza 85 unapata 110, na hapo yanatokea mambo mawili kutegemea programu.

Kama programu inauona kila mstari peke yake, mstari wa pili unarefuka mpaka karibu pointi 570, ukianzia 72 unaishia zaidi ya 640, na karatasi inaisha kwenye 595. Ndiyo maana maneno ya mwisho yanapotea upande wa kulia. Kama programu imekisia vizuri kwamba mistari miwili ni aya moja, itakunja, utapata mstari wa tatu kwenye 591, lakini kipengele cha 8 bado kipo 583. Tofauti ni pointi 8 tu na herufi zina saizi 11, kwa hiyo zinapandana. Mstari mpya ulihitaji pointi 14.5 wakati nafasi ya ziada kati ya kipengele na kipengele ilikuwa 8.

Ukishaelewa hilo, kulinganisha kunakuwa rahisi, maana maswali ni mawili tu: programu inakisia vipi mipaka ya aya, na nani anasogeza vilivyo chini.

LibreOffice Draw

Hii ni ya bure na inakaa hata kwenye laptopu ya zamani, kwa hiyo wengi wanaanza nayo, na wengi wanaikimbia kwa sababu ya kitu kimoja ambacho kina dawa. Ukiifungua PDF, Draw inafanya kila mstari kuwa kisanduku chake, wakati mwingine hata mstari mmoja unakatwa vipande viwili vitatu kama kuna neno lenye wino mzito au nafasi ya tabo. Ukianza kuandika hapohapo mstari unakimbia kulia bila kukunja.

Dawa yake ni kuunganisha kabla ya kuandika. Buruta kipanya uzungushie mistari yote ya kipengele cha 7, halafu nenda `Shape > Consolidate Text`, ipo tangu toleo la 6.4 la mwaka 2020, kama yako ni ya zamani kuliko hapo isasishe kwanza. Mistari inakuwa kisanduku kimoja. Kama ile namba "7." imekaa kwenye kisanduku chake peke yake usiichague, iache ilivyo, maana ikiingia ndani ya aya itabidi upange upya ujongezaji na hiyo ni kazi nyingine. Kisha andika maneno yako. Kama bado inakataa kukunja, fungua `Format > Text Attributes` uondoe alama kwenye `Fit width to text`, kwa sababu alama hiyo ikiwepo kisanduku kinatanuka kufuata maneno badala ya maneno kufuata kisanduku. Baada ya hapo shika kishikio cha katikati upande wa kulia ukivute mpaka kilingane na mistari mingine ya ukurasa.

Halafu vilivyo chini. Zungushia kila kitu kuanzia kipengele cha 8 hadi mwisho wa ukurasa, lakini namba ya ukurasa iache, bonyeza `F4`, na kwenye nafasi ya Y ongeza sentimita 0.51, ambazo ndizo pointi 14.5 za mstari mmoja. Usisogeze kwa macho. Ukisogeza kwa macho nafasi kati ya 7 na 8 inatofautiana na ya 8 na 9, na mtu akishika karatasi anaona kwamba hapa pameguswa.

Mpaka wa Draw ni mwisho wa ukurasa. Ukisukuma chini na mstari wa mwisho ukaingia kwenye pambizo, hakuna kinachohamia ukurasa wa pili chenyewe, utaukata mstari huo kwa mkono uupeleke juu ya ukurasa unaofuata na kusukuma nao, na wa tatu, na wa nne. Katiba ya kurasa 12 hiyo ni siku nzima.

Na kuna suala la fonti ambalo linaamua kama Draw inakufaa au la. PDF nyingi zinabeba kipande tu cha fonti, yaani zile herufi zilizotumika ndani ya hati basi. Ukiangalia kwenye Acrobat Reader, `File > Properties`, kwenye `Fonts`, utakuta imeandikwa `Embedded Subset`. Kwa kawaida Draw inatafuta fonti iliyopo kwenye kompyuta yako, na isipoipata inaweka mbadala. Kwa Calibri mbadala ni Carlito, ambayo upana wa kila herufi umelinganishwa kabisa na Calibri, kwa hiyo mistari inabaki palepale. Times New Roman ina Liberation Serif na Arial ina Liberation Sans, nazo hivyohivyo. Lakini hati ikiwa na fonti ya ajabuajabu ya mbunifu fulani na wewe huna, Draw itabadilisha upana wa mistari ya hati nzima, hata kurasa ambazo hujazigusa. Ukiona hivyo mara tu unapofungua, funga, nenda njia nyingine, hakuna kulazimisha.

Acrobat, na Foxit kidogo

Hapa nasema ile ya kulipia, Reader ya bure haikuruhusu kuhariri maandishi. Ukibonyeza `Edit PDF` inachora visanduku juu ya ukurasa, na katika kukisia aya iko mbele ya Draw kwa mbali, kwa kipengele kama cha 7 mara nyingi itakupa kisanduku kimoja chenye mistari yote miwili. Unaandika, kinakunja chenyewe, na ukivuta upande wa kisanduku kinakunja upya kwa upana mpya. Kwa marekebisho ya mstari mmoja mmoja hii ndiyo inayoacha hati safi zaidi, kwa sababu kurasa nyingine haizigusi kabisa.

Ila watu wanategemea kwamba kwa vile umelipia, vilivyo chini vitasogea vyenyewe. Kwa kawaida kila kisanduku kinajitegemea, kile cha 7 kikikua hakisukumi cha 8, na maneno hayahamii ukurasa unaofuata. Kusogeza ni kwako: shika `Shift`, kliki visanduku vya chini kimoja kimoja, halafu tumia vishale vya kibodi. Ukikuta imekosea kukisia, yaani aya moja imegawanywa visanduku vitatu, njia ya uhakika ni kukopi maneno yote, kufuta visanduku vya pili na tatu, na kuyapesti kwenye cha kwanza kisha kukivuta upana.

Jambo la kuangalia ni nafasi baina ya maneno kwenye aya zilizonyooshwa pande zote mbili. Kwenye PDF zile nafasi zilizotanuliwa zimeandikwa kama vipimo vya mstari ule, na ukigusa mstari unaweza kuona maneno yamebanana upande mmoja na kuachana upande mwingine. Chagua aya nzima uipange kushoto kwanza, kisha uirudishe kwenye kunyoosha pande mbili, ili ipige hesabu upya.

Foxit PDF Editor ya kulipia ina kitu ambacho kinamfaa mtu anayefanya kazi hizi kila siku, kinaitwa `Link & Join Text`. Unaunganisha visanduku kuwa kimoja, au unavifunga kwa mfuatano ili maneno yakijaa kimoja yaingie kwenye kinachofuata. Kwa aya iliyokatwa na mwisho wa ukurasa inasaidia sana. Lakini kumbuka ni wewe unayeviunganisha, kwa hiyo kurasa nyingi bado ni kazi nyingi.

Word

Tangu Word 2013 unaweza kufungua PDF kwa `File > Open` kama faili la kawaida, inakuonya kwamba itaibadilisha iwe hati ya kuharirika, unakubali. Hapa kinachotokea ni kingine kabisa. Word haihariri ile PDF, inajaribu kuijenga upya hati iliyoizaa: inakusanya mistari, inakisia aya, pambizo na namba za vipengele, halafu inakunja yenyewe. Kwa hiyo ukiongeza faini kwenye kipengele cha 7, cha 8 kinashuka, ukurasa ukijaa unaingia kwenye wa pili, na ule wa 12 nao unajipanga. Kwa hati ya maneno matupu kama katiba, barua, muhtasari wa kikao, mimi sioni cha kushindana nayo.

Gharama yake ni kwamba kila kitu kimeguswa. Jedwali linaweza kupoteza upana wa safu, muhuri uliokuwa picha unahama, mstari wa saini unakatika. Mama mmoja alinisimamia akaniuliza, "Mwanangu, mbona umesema unaongeza sentensi moja na hapa mwisho majina ya wajumbe yameshuka?" na alikuwa na haki kuuliza, kwa sababu mstari mmoja uliingia ukurasa wa kwanza na orodha ya saini ikahamia ukurasa wake peke yake. Kwa hiyo ukitumia Word lazima upitie kurasa zote ukiwa na PDF ya mwanzo pembeni, si ule uliobadilisha tu.

Kosa la Word unalotakiwa kulijua kwa sura ni hili: wakati mwingine inashindwa kukisia na inaweka alama ya mwisho wa aya kwenye kila mstari. Ukitazama kwa kawaida hujui, hati inaonekana nzuri, ila ukiandika mstari unakatika katikati na kipande cha maneno mawili kinabaki peke yake chini yake. Bonyeza `Ctrl+Shift+8` uone alama zilizofichwa. Ukiona ¶ mwisho wa kila mstari ndani ya aya moja, chagua aya hiyo tu, lakini acha ile ¶ ya mwisho kabisa nje ya uchaguzi, fungua `Ctrl+H`, na ujaze hivi, ukiacha nafasi moja kwenye kisanduku cha pili:

```
Find what:     ^p
Replace with:  (nafasi moja)
```

Ikikuuliza kama iendelee kwenye hati iliyobaki, kataa. Ukikubali, katiba nzima inakuwa aya moja ndefu, na hapo ni `Ctrl+Z` haraka. Kama badala ya ¶ unaona kishale kilichokunjwa kinachotazama kushoto, hiyo ni alama ya kukata mstari, weka `^l` mahali pa `^p`.

Kwa ile katiba nilichagua nini

Nilianza kwa kutazama chini ya ukurasa wenye kipengele cha 7. Mstari wa mwisho ulikuwa umeishia kwenye 110, na pambizo ya chini ipo 72, ina maana kuna pointi 38 za kuchezea. Mstari mmoja unataka 14.5, unaingia bila kugusa ukurasa wa pili. Fonti ni Calibri, kwa hiyo Carlito inaibeba. Mwishoni kuna majedwali ya wajumbe na mihuri ambayo Word ingeivuruga. Hapo jibu ni Draw, au Acrobat kama unayo. Lakini kama wangesema vipengele vitatu vya faini viongezwe, tayari ni mistari sita au zaidi, pointi 87 ukiacha nafasi za katikati, haziingii kwenye 38, ningeenda Word na kulipanga jedwali upya kwa mkono.

Kuna hati mbili ambazo hakuna njia kati ya hizi tatu inayozihusu. Moja ni iliyoskaniwa, ambayo ni picha tu: jaribu kuburuta kipanya juu ya maneno, yasipochaguka hakuna maandishi ya kukunja, itabidi ichapwe au isomwe na programu ya kutambua herufi kwanza. Nyingine ni iliyosainiwa kidijitali, ukibadilisha hata herufi moja msomaji anaonyeshwa kwamba hati imeguswa baada ya saini, kwa hiyo irudi kwa mwenye saini airekebishe na kuisaini upya.

Na kama wewe ndiye unayeitengeneza hati tangu mwanzo kwenye Writer, ukifika `File > Export As > Export as PDF` weka alama kwenye `Hybrid PDF (embed ODF file)`. Faili linakuwa kubwa kidogo, kwa wengine linafunguka kama PDF ya kawaida, lakini ukilifungua kwenye LibreOffice linakuja kama hati kamili ya Writer yenye aya zake, mistari inakunja, kurasa zinasukumana, hata kama yule aliyechapa ameshahamia Ukerewe na laptopu yake. Ila ukiirekebisha, itoe tena kwa njia hiyohiyo na alama ikiwa imewekwa, vinginevyo PDF mpya haitakuwa na hati ya Writer ndani yake.